Saa Iliyobembelezwa

"Saa si mtoto mchanga, shemeji! Haihitaji kubembelezwa usiku kucha!"

"Na nani kakwambia inabembelezwa ilale? Inabembelezwa isilale! Unapinga kitu ambacho hata hujakielewa, dada!"

Milango yote ya ujia ilikuwa imeshafunguka. Mshona viatu alikuwa ameacha kiatu cha mtu mdomo wazi. Kinyozi alitoka na mashine mkononi, na nyuma yake alichungulia mteja ambaye upande mmoja wa kichwa una nywele na wa pili hauna. Ugomvi wa Bi Kibano na Bwana Bembea haukuwa kitu kigeni pale, lakini siku zote ulipita kwenye ukuta wa mbao uliotenganisha maduka yao, kila mmoja amekaa kwenye kiti chake. Leo walikuwa wametoka nje, uso kwa uso, na katikati yao alisimama mwenye jengo.

Bi Kibano alikuwa fundi saa. Mtu anayeinamia meza kutwa, kibano mkononi kama kidole cha sita, hawezi kulikwepa jina la aina hiyo. Jirani yake aliuza saa na mikanda ya saa, na siku hizi vile visanduku vilivyompa jina na yeye. Ndani ya kisanduku kuna kimota, na mbele ya kimota kuna kamto kanakovishwa saa. Kimota huizungusha polepole, hupumzika, huizungusha tena. Ujia mzima ulikiita kibembea.

Kimetengenezwa kwa ajili ya saa za kujijaza, zile zisizo na betri. Mvaaji akitikisa mkono, kipande cha chuma kilichokatwa kama nusu mwezi huzunguka ndani ya saa na kuikaza kamani, ule utepe wa chuma uliojiviringa, na kamani ndiyo inayoisukuma saa. Ukiivua ukaiacha mezani, kamani hulegea taratibu, na saa isiyo na kasoro ya namna hiyo husimama baada ya siku moja na nusu hivi. Kibembea hufanya kazi ya mkono wakati mkono haupo.

"Basi!" alisema mwenye jengo.

Wote walimwita Mzee wa Funguo, maana shada la funguo kiunoni mwake lilitangulia kufika kila anakokwenda. Leo hakuligusa. Alikuwa ameshika saa yake kiganjani kama mtu aliyebeba ndege aliyekufa.

"Saa hii, wewe fundi, uliifungua ukaisafisha. Ilipotoka kwako nikaiweka kwenye kisanduku cha huyu. Mle haijasimama hata siku moja. Juzi nikaitoa ili niende kumsindikiza mjukuu wangu uwanja wa ndege. Nimeivaa kutwa, usiku nikaiweka kando ya kitanda. Kushtuka usingizini, naitazama, naona bado mapema, najifunika tena. Kumbe imekufa kitambo! Mtoto amepanda ndege, anakwenda kusoma huko mbali, na babu yake yuko kitandani anakoroma."

Hakuna aliyecheka. Hata yule mteja wa kinyozi alishika upande wake wenye nywele kwa heshima.

"Lakini mzee, si unaona mwenyewe?" Bwana Bembea alirukia. "Ndani ya sanduku inakwenda, nje ya sanduku inakufa. Maana yake sanduku ndilo linaloiweka hai!"

"Au ndilo lililoimaliza!" Bi Kibano hakumwacha avute pumzi. "Kinachozunguka bila sababu hulika bila sababu. Liwashe gari, liache lingurume uani mwaka mzima bila kwenda popote, halafu uniambie kama injini itakushukuru!"

Hapo kinyozi alishindwa, akacheka. Mzee hakucheka.

"Utaifungua sasa hivi, mbele yangu na mbele yake. Kama kisanduku ndicho kilichoila, huyu atanirudishia ufunguo wa duka. Kama ni kazi ya mkono wako, utaurudisha wewe. Nimechoka. Jengo langu limekuwa na masikio mengi kuliko kuta."

Bi Kibano alisema, "Haya," na akasikia namna sauti yake ilivyotoka kwa raha. Alikuwa na uhakika. Kwa miezi alikuwa akiwaambia wateja kwamba kibembea ni mashine ya kuzeesha saa. Leo angeuonyesha ujia mzima.

Meza yake ilikaa chini ya dirisha pekee lenye mwanga mzuri upande ule wa jengo. Hapo ndipo alipojifunza kazi, na hapo ndipo zamani yeye na Bembea walipokaa ubavu kwa ubavu, mafundi wawili wa meza moja, kabla Bembea hajasema mgongo wake umechoka kuinama na kuhamia upande wa pili wa ukuta kuuza. Mke wake, Mama Pacha, aliyepika nyuma ya duka hilo, akawa shoga wa Bi Kibano, na Bembea akawa shemeji. Kila jioni Mama Pacha alipokwisha kupakua, aligonga ukuta wa mbao kwa mwiko, na Bi Kibano angefunga na kuzunguka kwenda kula. Mwiko ule ulikuwa umenyamaza kitambo sasa.

Alivaa lenzi yake ya jichoni. Mzee alikaa kwenye kiti cha mteja. Bembea alisimama karibu na mlango, mikono kwapani.

Kabla ya kufungua, alishika kifundo cha pembeni akaijaza saa kwa vidole, kama fundi yeyote angefanya, ili aisikie. Saa ya kujijaza haina mwisho mgumu. Kamani yake haikufungwa kwenye ukuta wa kopo linaloibeba. Ncha yake huukandamiza ukuta na kushikilia kwa msuguano, na ikishajaa hujiachia na kuteleza kidogo. Ndiyo maana haikatiki hata ukiizungusha mpaka kiama. Mwenye sikio husikia pale inapoteleza. *Tk.*

Alizungusha kidogo tu. *Tk.*

Vidole vyake vilisimama. Alizungusha tena. *Tk.* Mapema mno. Kamani ilikuwa inaachia ikiwa haijashiba.

"Vipi?" aliuliza Mzee.

"Bado. Naisikiliza."

Hakuthubutu kumtazama Bembea. Alifungua mfuniko wa nyuma. Kile kipande cha nusu mwezi kilizunguka vizuri, hakikucheza pembeni, hakikuwa kimekwaruza popote. Kwenye mhimili wake mafuta yalikuwa yamebadilika rangi kidogo, uchafu wa saa yoyote inayotumika. Alishusha nguvu zote za kamani kwanza, maana kopo likitolewa likiwa bado limekazwa hurusha meno, kisha akalitoa kopo na kukinyanyua kifuniko chake.

Ukuta wa ndani ulikuwa unang'aa. Uling'aa kwa grisi nyororo, ile ya kawaida, ya kupaka mahali unapotaka vitu viteleze. Mahali hapa palitakiwa grisi nyingine, nzito, inayoshika, ili kamani ing'ang'anie ukuta mpaka ijae. Grisi hiyo hutumika matone machache tu, kwa hiyo wakati wa meza moja yeye na Bembea walinunua kikopo kimoja kwa pamoja, na kikopo kikawa kinavuka ukuta kwenda na kurudi.

 Sasa alikumbuka vizuri. Juma lile alilokuwa na saa ya Mzee mezani, alikuwa amesimama mbele ya duka la Bembea na kumwambia mteja, Bembea mwenyewe akisikia, "Kaka, usinunue takataka hiyo." Mteja akaenda zake. Bembea akaacha kumsalimu. Mwiko ukanyamaza. Na kikopo kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Kugonga na kukiomba? Angekufa kwanza. Akajiambia grisi ni grisi, akachovya kwenye hiyo aliyokuwa nayo, akafunga.

Na kibembea, hicho alichokuwa akikitukana, ndicho kilichomsitiri. Kila kamani ilipolegea, chenyewe kiliijaza tena, kidogo kidogo, kama mlezi anayemlisha mgonjwa kwa kijiko na kuwaambia wageni kuwa hajambo. Saa ilipotoka nje ikabaki na tumbo lake nusu, siri ikafika kitandani kwa Mzee.

"Fundi," sauti ya Mzee ilikuwa imepungua upole. "Umeona nini?"

Angeweza kusema. Neno lilikuwa limeshakaa ulimini. Angemwonyesha Mzee yale mafuta yaliyobadilika rangi: unaona hapa, mzee? Hapa ndipo kibembea kilipokula. Mzee angeona weusi na kuamini, maana amekuja akiamini. Ujia wote ungeamini, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akiuhubiria. Na jioni hii Bembea angeanza kushusha visanduku vyake rafuni, Mama Pacha akikunja vitambaa, pacha wawili wakiuliza tunakwenda wapi.

Alisikia viatu vya Bembea vikisogea. Bembea alikuja mpaka mezani, akainama juu ya bega lake kama zamani, akatazama ndani ya kopo. Akatazama muda mrefu. Bembea alikuwa fundi kabla hajawa mfanyabiashara.

Kisha alijinyoosha, akarudi mlangoni, asiseme lolote.

Kule kunyamaza kulimchoma Bi Kibano kuliko tusi.

"Mzee," alisema, akaivua lenzi. "Ni mkono wangu."

"Nini?"

"Kibembea hakijaiua saa yako. Mimi niliipaka grisi isiyo yake. Kamani inateleza kabla haijajaa. Kwenye kisanduku ilikuwa inaongezwa kila mara, ndiyo maana hukujua. Wala mimi sikujua. Ungeiweka mezani siku ya kwanza tu, ungeniletea asubuhi yake."

 Nje, mshona viatu alimnong'oneza kinyozi, kwa mnong'ono uliofika mpaka barabarani, "Nyani haoni kundule, leo kaona."

Mzee aliinuka. Funguo zililia. "Kwa hiyo mjukuu wangu…" Akaacha. Alitazama vidole vyake mwenyewe, vilivyokuwa vikitetemeka. "Itengeneze. Leo. Nitaichukua ikiwa imejaa, nitaifungia kwenye droo ya ofisini kwangu, isiguswe, isitikiswe, isibembelezwe. Kesho jioni tunafunga maduka, tunafungua droo. Nikiikuta inatembea, tutazungumza. Nikiikuta imekufa, usinisalimu, niwekee ufunguo mezani."

Alipoondoka, Bembea naye alikuwa ameshaondoka.

Bi Kibano alisafisha kopo. Aliipangusa kamani yenyewe urefu wake wote, maana ute kidogo tu wa ile grisi nyororo ukibaki, kazi yote ni bure. Kisha alikaa akautazama ukuta wa mbao. Ulikuwa ukuta mwembamba sana. Alisikia kibembea kimoja upande wa pili kikizunguka, kikipumzika.

Mkono ulimwia mzito. Kusema kosa mbele ya watu wote kulikuwa kwepesi kuliko kugonga mbao hizi.

Aligonga.

Kiti kilisogea upande wa pili. Bembea alitokea mlangoni, kikopo kiganjani, kana kwamba kilikuwa kinasubiri kwenye kiganja hicho siku zote.

"Ulijua," alisema Bi Kibano.

"Nilijua umepaka nini tangu nilipoisikia ikiteleza. Kikopo kiko kwangu, dada. Ungekuwa umepaka nini kingine?"

"Mbona hukusema? Ungelipoteza duka lako."

"Ningesema, ungesema namtetea sanduku." Alikiweka kikopo mezani. "Na nilitaka kujua kama ninagombana na fundi au na mdomo tu." Alivuta taa ya mezani akaishika juu ya kazi, pembe ile ile aliyokuwa akiishika zamani. "Haya, paka. Matone machache, usinimalizie."

Alipaka. Alirudisha kamani, kifuniko, kopo, magurudumu. Alipojaza kwa vidole, wote wawili waliinamisha sikio. Aliendelea kuzungusha, akaendelea, kifundo kikizidi kuwa kizito vidoleni. Ile sauti ilichelewa, ikachelewa, mpaka akaanza kuogopa upande wa pili, kwamba sasa inashika mno. *Tk.*

"Hapo," alisema Bembea.

"Hapo," alisema yeye. Lakini sikio ni sikio, na droo ni droo.

Siku iliyofuata hakuna aliyefanya kazi ya maana katika ujia ule. Mshona viatu aliwekeana dau la soda na kinyozi: mmoja kwa saa hai, mwingine kwa saa maiti. Muuza vitambaa wa kona alipita mlangoni kwa Bi Kibano mara kwa mara, kila mara akiwa amesahau kitu. "Umeshaanza kufunga vitu, mama?" aliuliza kwa huruma ya mtu anayekitamani chumba.

"Nikianza, wewe utakuwa wa kwanza kubeba."

Alicheka, lakini mikono ilikosa raha. Alimharibia mteja mkanda mzima kwa kuutoboa kando. Alijikuta amesimama nje ya ofisi ya Mzee, sikio kwenye mlango uliofungwa, akijaribu kusikia saa iliyoko ndani ya droo ya chuma. Ndani Mzee alikohoa, na Bi Kibano alirudi mbio kwa vidole vya miguu, mtu mzima mwenye heshima zake. Je, kama ute wa ile grisi ulibaki kwenye ncha ya kamani? Kama alipangusa kwa haraka? Kadiri alivyojaribu kuikumbuka kazi ya jana, ndivyo alivyozidi kutokumbuka.

Maduka yalipoanza kufungwa, ofisi ilijaa. Mzee alichagua ufunguo kwenye lile shada, akakosea, akachagua mwingine. Vidole vilimsumbua, ilimchukua muda kuuingiza. Bi Kibano alikuwa na ufunguo wake wa duka ndani ya ngumi, umeshapata joto.

Droo ilivutwa. Mzee aliitoa saa, hakuitazama. Aliipeleka sikioni.

Watu walilikodolea macho sikio lake kana kwamba lingesema lenyewe. Uso wa mzee haukubadilika. Kisha aliishusha, akailinganisha na simu yake, akailinganisha tena.

"Inatembea," alisema.

Kinyozi alipiga kelele, maana yeye ndiye aliyeshinda soda. Bi Kibano alishika ukingo wa meza.

"Kaa nayo mpaka kesho asubuhi bila kuivaa, bado utaikuta inatembea," Bembea alisema, na sauti yake haikuwa imara hata kidogo.

Mzee alinyoosha kidole kwa wote wawili. "Hamjaenda popote bado. Nijibuni jambo moja, na atakayemkatiza mwenzake namtoa. Kisanduku kinasaidia saa, au kinaichakaza?"

Walitazamana. Bembea alimwachia nafasi.

"Saa yenyewe haikihitaji, mzee," Bi Kibano alisema. "Ikisimama kwenye droo haiumii, mafuta ya siku hizi hayagandi kwa kulala. Na kinachozunguka hulika, taratibu sana, lakini hulika. Hilo silirudishi." Alivitazama vidole vya Mzee. "Lakini wewe una saa kadhaa, unavaa hii leo na ile kesho, na kila ikisimama, kuirekebisha majira na tarehe kwa kifundo kidogo hivi, kwa vidole vyako, ni adhabu. Kisanduku kinakusaidia wewe. Mimi nilikuwa nahesabu uchakavu wa saa tu, sikuhesabu vidole vya mwenye saa."

"Na mimi," Bembea alisema, akitazama viatu vyake, "nilikuwa nawaambia watu kwamba saa bila kibembea inakufa. Haifi, inalala. Halafu chako nilikiweka kwenye mizunguko mingi kuliko saa yako inavyotaka. Nitakipunguza. Kuzidisha hakuijazi zaidi ya kujaa, kunaitelezesha tu bure."

"Kumbe wote mlikuwa waongo nusu nusu," alisema Mzee.

"Mimi robo," Bembea alisema.

"Shemeji!"

Kwa mara ya kwanza tangu juzi, pembe za mdomo wa Mzee zilisogea. Aliivaa saa. Kifungo cha mkanda kilimshinda, na Bi Kibano akamfungia bila kuombwa. "Mjukuu wangu atapiga simu leo," alisema, zaidi kwa ile saa kuliko kwao. "Safari hii sitalala." Aliutazama ule ufunguo kwenye ngumi ya fundi. "Huo urudishe mfukoni. Unanifanya nionekane mbaya."

Bi Kibano alirudi dukani kwake peke yake kufunga dirisha. Alikaa kidogo gizani kwenye kiti chake. Kikopo cha grisi kilikuwa bado mezani. Alikifunga vizuri, akawaza jinsi ya kukirudisha: kesho, pengine, asubuhi, akipata la kusema.

Ukuta ukagongwa. Mwiko.

Hakuamini sikio lake, ambalo siku hizi mbili lilikuwa limefanya kazi kubwa.

Ukagongwa tena, kwa nguvu ya mtu ambaye mchuzi wake unapoa. "We Kibano!" ilikuja sauti ya Mama Pacha kupitia mbao. "Unangoja kubembelezwa na wewe? Sahani yako nimeshapakua, na hawa pacha wameanza kuikodolea macho. Njoo na hicho kikopo, shoga. Ingia ule."